Saa Tano Kasoro Dakika Tano

Mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne ni wa saa tatu. Ukianza saa 2:00 asubuhi unakwisha saa 5:00, na mtahiniwa aliyepanga muda wake vizuri huwa ameshaweka nukta ya mwisho ikifika saa 4:55. Hapo wengi hukunja mikono. Wengine huitazama dari, wengine humkodolea macho msimamizi kana kwamba ndiye mwenye majibu. Wachache hurudi kwenye insha yao, wakaisoma kutoka juu hadi chini, wakaridhika, wakafunga kijitabu. Hao wachache ndio wanaonisikitisha zaidi, maana wamesoma kweli na hawakuona kitu.

Ujiji yuko mwalimu mmoja wa Kiswahili ambaye huwafundisha wanafunzi wake kuziona dakika hizo kama swali jingine la mtihani, swali lisilochapwa kwenye karatasi. Nilimwomba ruhusa nikae dawati la nyuma wakati wa mazoezi ya uandishi, nikitaka kuona anavyofanya. Nilidhani nitakuta orodha ndefu ya kanuni ubaoni. Ubao ulikuwa mtupu, isipokuwa saa aliyoichora kwa chaki, mshale mrefu ukiwa kwenye kumi na moja.

Hoja yake inaanzia kwenye sababu ya kutoona. Mtu aliyeandika sentensi anajua alichotaka kusema. Anapoisoma tena, akili humsomea kile alichokikusudia, wala si kile kilichoandikwa. Neno lililorukwa hujazwa kichwani, herufi iliyokosewa hunyooshwa kichwani, na karatasi hubaki kama ilivyo. Msahihishaji naye hana kichwa hicho. Ana karatasi tu. Kwa hiyo kazi ya dakika tano si kusoma tena insha. Ni kujizuia usiisome, uitazame kama imeandikwa na jirani yako usiyempenda sana.

Mwalimu huyu huigawa kazi sehemu tatu. Nusu dakika ya kwanza ni ya mambo yasiyo ya lugha. Maelekezo ya karatasi ya mtihani humtaka mtahiniwa aandike namba yake ya mtihani katika kila ukurasa wa kijitabu cha kujibia, na wapo wanaoijaza kurasa mbili za mwanzo wakasahau nyingine. Kama kuna swali la barua, mara nyingi swali lenyewe hutoa jina na anwani ya kutumia. Kijana aliyezoea kusaini jina lake tangu darasa la tatu hulitia jina lake halisi mkono ukiwa umechoka. Hilo huangaliwa kwanza kwa kuwa halihitaji kufikiri, na kwa kuwa ukiliacha mwisho kengele italikuta.

Dakika mbili zinazofuata ni za sikio, na mbili na nusu za mwisho ni za jicho. Mgawanyo huu ndio ufundi wenyewe. Nilikuwa nikiuona kama mapambo mpaka nilipoelewa kwamba kuna makosa ambayo mtoto wa Kigoma anaweza kuyasikia na mengine ambayo hawezi kuyasikia kamwe, hata ukimsomea kwa sauti mara kumi.

Chukua r na l. Kiha, kama Kirundi ndugu yake, hakizitenganishi sauti hizi kwa namna Kiswahili kinavyozitenganisha. Mtoto aliyelelewa Kasulu au Buhigwe akazungumza Kiha kwanza, akisoma "kurea watoto" kwa sauti, sikio lake halimgutushi. Vivyo hivyo h. Mjini Kigoma, kama ilivyo sehemu nyingi za nchi, h ya mwanzo wa neno hupotea mdomoni, na wanaosema "adi" kwa hadi na "ata" kwa hata ni wengi. Ujiji penyewe Kiswahili ni cha zamani. Richard Burton na John Speke walipofika Februari 1858 walikuta wafanyabiashara kutoka pwani wameshatangulia, na baadaye watu wa Manyema kutoka ng'ambo ya ziwa waliongeza ladha yao. Hadi leo boti zinazotoka Uvira, Baraka na Kalemie huleta Kiswahili ambacho "ile mtoto iko nyumbani" ni sentensi safi kabisa. Mtoto wa hapa ana masikio mapana. Mwaloni upana huo ni mali, lakini saa 4:55 unamponza.

Kwa hiyo makosa ya herufi yanaachiwa jicho. Sikio linapewa upatanisho wa kisarufi, maneno yaliyorukwa, na maana iliyopinduka.

Siku ile alimwita msichana mmoja aje mbele na daftari lake. Insha ilihusu manufaa ya Ziwa Tanganyika kwa wakazi wa Kigoma. Aya ya tatu, ambayo mwalimu aliniruhusu niinakili, ilikuwa hivi:

"Wavuvi wa Kibirizi hutoka jioni wakiwa na taa zao. Samaki zikisha vuliwa huletwa mwaloni alfajiri na akina mama huzinunua kwaajili ya biashara. Migebuka imekuwa ikisafilishwa kwa treni adi Dar es salaam. Kazi hii imewawezesha wazazi wengi kurea watoto wao na kuwasomesha. Lakini wakati wa mbaramwezi wavuvi hawaendi ziwani, kwa hiyo mama anayetegemea samaki ana kipato siku hizo."

Ni aya nzuri. Ina mambo ya kweli: uvuvi wa taa hupungua mwezi unapong'aa, kwa sababu taa ya mvuvi haiwavuti samaki kama usiku wa giza. Aliyeiandika anajua anachokisema. Ndiyo maana makosa yake yanauma, kwani hakuna hata moja linalotokana na kutojua jambo.

"Anza na sikio," mwalimu alimwambia. "Kila kiumbe chenye uhai ukikikuta, kiweke watoto mahali pake."

Msichana akaweka kidole chini ya neno samaki, akasoma kwa kunong'ona: "Watoto zikisha..." Darasa likacheka, naye akacheka. Hakuna mtu wa Kigoma anayeweza kusema "watoto zikisha". Sikio lile lile lililokuwa limelala kwenye samaki, maana mitaani "samaki hizi" husikika kila siku, liliamka pale pale lilipopewa watoto. Akakata zikisha, juu yake akaandika wakisha. Akaenda kwenye huzinunua, akaifanya huwanunua. Alipofika kwenye migebuka alisita. Neno linaanza na mi-, kama miti na mikate, na mkono wake ulikuwa umefuata mi- hiyo ukaandika imekuwa. Akajaribu: "Watoto imekuwa ikisafilishwa." Akatikisa kichwa, akaandika wamekuwa waki- juu ya maneno yale. Mgebuka ni kiumbe chenye uhai, umbo la jina lake halibadilishi hilo. Nadhani kosa hili la migebuka ni la kwetu hasa. Mtoto wa Dodoma hakutani nalo kwa kuwa samaki huyo hampiti kalamuni.

Dagaa nao wana ubishi wao. Sokoni ni "dagaa hizi", na mtu anaweza kujitetea kwamba anazungumzia bidhaa iliyokauka kwenye gunia. Mwalimu hakutaka kuingia humo. Ushauri wake ni kwamba mwanafunzi achague upande mmoja tangu aya ya kwanza akae nao, kwa sababu msahihishaji anayekuta dagaa hawa juu na dagaa hizo chini anaona mtu asiyejua, hata kama kila moja ina mtetezi wake. Dakika tano za mwisho si za kumaliza mjadala wa dagaa.

Mwishoni mwa aya sikio lilifanya kazi moja zaidi. Msichana alisoma sentensi ya mwisho, akasimama, akairudia: wavuvi hawaendi ziwani, kwa hiyo mama ana kipato. "Mwalimu, hapa nimesema kinyume." Kosa la h moja tu, lakini hili halikuwa la tahajia peke yake. Liligeuza hoja juu chini. Kwa kuwa anatamka ana na hana karibu sawasawa, sauti pekee isingemsaidia; kilichomsaidia ni ile kwa hiyo. Mwalimu huwaambia wasimame kidogo kwenye kila kwa hiyo, kila lakini na kila kwa sababu, waulize kama upande wa pili unafuata kweli. Ni maneno machache katika insha nzima, labda sita au saba, na ukaguzi wake hauli hata sekunde ishirini.

Kisha likaja jicho. Hapa mwalimu alifanya jambo ambalo sikulitegemea: aligeuza mwelekeo. Jicho husoma kutoka sentensi ya mwisho kurudi nyuma, sentensi moja baada ya nyingine. Sababu ni mbili. Ukisoma kinyumenyume, hadithi haikubebi. Kila sentensi inasimama peke yake, na maneno yanaanza kuonekana kama maneno. Sababu ya pili ni ya uchovu. Aya za mwisho huandikwa mkono ukiwa umekufa ganzi na saa ikikimbia, kwa hiyo ndizo zenye makosa mengi zaidi, nazo ndizo ambazo anayeanzia juu huzifikia kengele inapolia.

Neno la kwanza kumsimamisha lilikuwa mbaramwezi. Hakuwa na hakika. Hapa ndipo niliposikia kanuni iliyonifurahisha kuliko zote. Mwalimu hataki mwanafunzi abadilishe r iwe l, au l iwe r, kwa sababu tu ameingiwa na wasiwasi. Watoto wanaojua kwamba wana tatizo la r na l hufika mahali wakaanza kukosea kwa upande wa pili: wanaogopa kila r, wanaifanya l, na ndiyo maana aya hii hii ina kurea na pia ina ikisafilishwa. Wasiwasi ukiachiwa kalamu katika dakika ya mwisho, huharibu yaliyokuwa sahihi. Kwa hiyo kila badiliko lazima liwe na shahidi, na shahidi ni neno jingine la ukoo ule ule ambalo mwanafunzi amelizoea kwa macho.

Kwa ikisafilishwa shahidi alipatikana mara moja: safari. Neno hilo ameliona kwenye tiketi, kwenye mabasi, kwenye vitabu, tena halijawahi kuandikwa safali. Basi ni kusafirisha. Kwa kurea, shahidi ni mlezi na malezi, neno la vikao vyote vya wazazi. Basi ni kulea. Lakini mbaramwezi hakuna ndugu wa karibu wa kuitwa. Msichana alifikiri kidogo, akakata "wakati wa mbaramwezi", akaandika juu yake "mwezi unapong'aa". Mwalimu hakumpa jibu. Alimpa vema, akaendelea. Baadaye, zoezi likiwa limekwisha, aliliambia darasa kwamba ni mbalamwezi, na kwamba kule kukwepa kulikuwa kuzuri zaidi kuliko kubahatisha. Nakubaliana naye. Neno usilolijua likiwa na mbadala unaoujua, ubadilishaji ule si woga.

Jicho pia hutazama mipaka ya maneno. Makosa haya yameongezeka siku hizi, nami nayalaumu maandishi ya simu, ambako kwahiyo na kwasababu huenda kila siku bila mtu kuulizwa. Kipimo chake ni cha kidole gumba. Funika nusu ya pili ya neno, uitazame nusu ya kwanza. Wakisha, ikibaki peke yake, haisemi kitu, inamngoja mtu. Basi haina ruhusa ya kukaa peke yake: wakishavuliwa ni neno moja. Hivyo hivyo kwa haku weza na nili mwona. Kwa kinyume chake, kwa hujitegemea: kwa ajili, kwa sababu, kwa hiyo, kwa mfano, zote huandikwa mbalimbali. Msichana alichora mstari mdogo wa wima kati ya kwa na ajili, na kijikunjo cha kuunganisha chini ya wakisha na vuliwa. Hakukuwa na haja ya kuandika upya.

Kisha ukingo wa kulia wa ukurasa. Neno likikatwa mwisho wa mstari lazima likatwe kwenye silabi, na mkono wenye haraka hukata popote karatasi inapoishia. Huwezi kuacha n mstari huu na g'ombe mstari unaofuata. Jicho linashuka ukingoni kutoka chini kwenda juu, likitafuta vistari tu, na ukurasa mzima unakwisha kwa muda wa kuvuta pumzi. Likiwa hapo huokota na herufi kubwa: Dar es Salaam, Ziwa Tanganyika, majina ya miezi. Vitu hivi ni vyepesi hata kuvitaja kunaonekana kama kupoteza muda, na bado Baraza la Mitihani, katika taarifa zake za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, huambatanisha vielelezo vya kurasa halisi vyenye makosa ya aina hii. Mwalimu huyu ana taarifa kadhaa zilizochakaa kwa kupitishwa mikononi.

Niliwahi kudhani kwamba kusahihisha ni kujua. Nilipomwona yule msichana akishika kalamu ndipo nilipoona kuwa ni mkono pia. Alipofika kwenye kurea alitaka kuigeuza r iwe l papo hapo kwa kuikandamizia wino. Ikatokea herufi nene isiyo r wala l.

"Mwanangu," mwalimu alisema, "na mimi nisome ipi hapo?"

Taratibu yake ni mstari mmoja ulionyooka juu ya neno lote, si herufi moja, na neno sahihi kuandikwa wazi juu yake. Neno lililorukwa huingizwa kwa alama ya mshale mdogo chini ya mstari, na lenyewe huandikwa juu ya mshale. Hakuna kuchorachora mpaka karatasi itoboke, hakuna mabano, hakuna herufi juu ya herufi. Mwanafunzi anayejua kwamba atasahihisha huandika akiacha nafasi kidogo kati ya mistari tangu mwanzo. Hilo nalo nililiona katika daftari la yule msichana: maandishi madogo, mistari yenye hewa. Alikuwa amejitayarishia dakika tano zake saa nzima kabla.

Yapo yasiyowezekana. Insha isiyo na hitimisho haiponi kwa ukaguzi. Mtu huyo afadhali atumie dakika zake kuandika sentensi mbili za kufungia kuliko kuwinda h. Aya iliyokwenda nje ya mada haiokoleki. Hoja mpya iliyokuja kichwani saa 4:57 iachwe iende zake, maana ikiingizwa italeta makosa mapya ambayo hayatakuwa na mtu wa kuyapitia. Na mwalimu ni mkali juu ya majibu ya sarufi na ya ufahamu yaliyokwisha kuandikwa: kama huna shahidi, usiyaguse.

Hesabu ya muda nayo ni ya kweli, nilipima. Insha ya maneno kama 300, ikisomwa kwa kunong'ona pamoja na kusimama kusahihisha, inakwisha ndani ya dakika mbili kwa mtu aliyezoea. Kwa asiyezoea inachukua tano peke yake, na jicho halipati zamu. Ndiyo sababu kila mwanafunzi wake ana ukurasa wa mwisho wa daftari wenye makosa yake matatu tu, yale yanayojirudia katika kila zoezi. Yule msichana aliandika: h, r/l, ngeli ya samaki. Kijana aliyekaa karibu nami, mzaliwa wa Ujiji, hakuwa na r/l kabisa; aliandika h, kuunganisha maneno, herufi kubwa. Siku ya mtihani anayebanwa na muda huwinda hayo matatu yake, akaacha mengine. Naiona hii kuwa sehemu ya busara kuliko zote, kwa sababu inakubali kwamba dakika tano ni chache.

Niliangalia darasa zima likifanya zoezi hilo mara ya pili. Kwa dakika mbili ulisikika mnong'ono mwembamba wa vijana arobaini na kitu, kila mmoja na sentensi yake, vidole vikitembea. Kisha mnong'ono ukakatika, vichwa vikashuka kwenye mistari ya mwisho ya kurasa, na vidole vikaanza kupanda kuelekea juu. Hakuna aliyetazama dari.

Walimu wa kidato cha nne watakaosoma haya, nawaomba jambo moja. Msiwape wanafunzi dakika tano hizi baada ya zoezi kwisha, kama nyongeza. Zikateni ndani ya muda wa zoezi lenyewe, kila juma, mpaka mkono uzoee kuweka nukta ya mwisho kabla ya saa 4:55. Muhula mmoja wa kufanya hivyo unatosha, na haugharimu hata kitabu kimoja.